Safari ya Amu Kufuata Jibu la Posa



Twawaarifu jamaa na marafiki, wa Mombasa na wa Amu, ya kwamba posa yetu imekubaliwa. Jibu lilitoka Ijumaa iliyopita baada ya swala ya Alasiri, katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, na alhamdulillahi lilikuwa jibu la kheri. Mposaji ndiye aandikaye haya, ila ameona aseme "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyekwenda kupeleleza ni shangazi yake, aliyeandika barua ni ami yake, aliyelia ni mama yake, na yeye mwenyewe kazi yake siku hiyo ilikuwa kuketi kwenye baraza ya watu na kungoja.

Posa ya kwetu haianzi na barua. Huanza na mwanamke mmoja mwenye ulimi mtamu kwenda kuzuru nyumba ya watu bila ya kutaja lililompeleka. Shangazi yetu ameolewa Amu miaka mingi, naye ndiye aliyemtaja binti huyu kwa mama: mwalimu wa chekechea, amehitimu chuo, na tena ndiye anayemshika mkono bibi yake, ambaye macho yake yamefifia, kumpeleka uani na kumrudisha. Shangazi alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alipeleka mabuyu na kurudi na habari za mavuno ya maembe. Mara ya pili alimwuliza mama wa binti kwa faragha kama mwana huyu ameshatajwa na mtu. Suali hilo ndilo lililompeleka, na wala si la adabu tu. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye, na jamaa wanaolipuuza huingia katika ugomvi ambao hata wakishinda huwa wameshindwa. Alipojibiwa kuwa hakuna aliyemtaja, ndipo aliposema anatoka kwa nani.

Kikafuata kikao cha kuonana. Sheria imemruhusu mposaji kumtazama anayetaka kumwoa, uso na viganja, na wazee wa pande zote mbili hawakuona haya kuitumia ruhusa hiyo. Tulikaa sebuleni kwa shangazi muda usiozidi nusu saa, nduguye binti akiwa kati yetu anakunywa kahawa taratibu kuliko ilivyohitajika. Binti aliuliza masuali matatu. La kwanza kazi, la pili kama tunasoma, na la tatu kama mama yetu ana mtu wa kumwangalia. Hilo la tatu tulirudi nalo Mombasa na hatukulisahau.

Barua aliiandika ami, kwa kuwa baba yetu ametangulia mbele ya haki. Aliiandika kwa Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, maana babu wa binti, ambaye ndiye msemaji wa nyumba, ndiyo khati aliyoizoea tangu utoto wake. Haikuwa ndefu. Basmala, salamu, jina la mposaji na la baba yake na babu yake, kazi yake na maskani yake, kisha neno lenyewe: twaja kwenu kuomba mwana wenu, fulani binti fulani, kwa mwana wetu fulani, kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu na suna ya Mtume wake. Chini yake sahihi ya ami na ya mjomba. Ikafukizwa udi, ikatiwa ndani ya kitambaa cheupe, ikapelekwa na wazee watatu. Walipokewa kwa kahawa tungu na halua, wakaambiwa yale yanayosemwa siku zote: tumepokea, tutashauriana, mtajibiwa. Hapana mzee mwenye heshima zake anayejibu posa siku ileile, hata awe ameshaamua.

Tulingoja wiki tatu. Wenzetu watakaopita njia hii wajue kuwa muda huo haupotei bure. Upande wa binti hupeleleza, na aghlabu huanzia kwa imamu wa msikiti wa mtaa wa mposaji na kwa bwana wa kazi yake. Sisi tulijua tumeulizwa pale fundi mwenzetu wa mitambo ya barafu aliposema kuwa amepigiwa simu na mtu wa Amu asiyemjua, akaulizwa kama huyu jamaa hulipa madeni yake. Binti naye akaswali istikhara. Na wazee wakikaa kimya mno, mwezi na zaidi, bila ya kutuma hata salamu, basi hapo mposaji hana haja ya kuuliza. Kimya hicho ni njia ya waungwana ya kusema "la" bila ya kumvunjia mtu uso.

Simu ikaja siku ya Jumatatu: njooni mfuate jibu lenu.

Tuliondoka Mombasa Alkhamisi baada ya Alfajiri katika matatu tuliyoikodi, watu kumi na moja, masinia mawili ya mahamri, na sanduku dogo ambalo mama hakukubali liwekwe nyuma. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Hadi Malindi ni njia ya kila mtu: Mtwapa, daraja la Kilifi na bahari yake chini, msitu kabla ya Gede. Ukivuka mto Sabaki dunia hubadilika. Nyumba huadimika, mikoko hubaki upande wa bahari, na mbele yako hufunguka nchi tambarare ya Mto Tana, ng'ombe wenye pembe ndefu na wachungaji wao wakivuka barabara bila ya haraka. Akina mama walionyamaza tangu Kilifi wakaanza kuimba.

Baada ya Garsen huja vizuizi vya polisi. Barabara hii imepata matatizo ya usalama miaka iliyopita, basi watu huteremka, huonyesha vitambulisho, hutembea hatua chache na kupanda tena. Msafiri na asiache kitambulisho chake nyumbani, na asipange kufika kwa dakika. Zamani sehemu hii ilikuwa udongo mtupu, na mvua ikinyesha mabasi yalilala njiani. Leo ni lami hadi karibu na pwani. Tulipita Witu, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa makao ya sultani wa Kinabahani aliyehama Pate na kuukimbia mkono wa Zanzibar. Leo anayepita huona miembe na wauza maembe tu. Mjomba alinunua ndoo nzima, na shangazi alipoyaona baadaye akacheka hadi akaketi, kwa kuwa kupeleka maembe Amu ni kama kupeleka chumvi baharini.

Mokowe ndipo gari linapokoma. Amu ni kisiwa, na mji wake wa kale, ulioandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesko, vichochoro vyake havipitishi gari. Mizigo aghlabu huchukuliwa na watu na punda. Tulishuka gatini maji yakiwa yamejaa, tukapanda boti, mama akalikumbatia sanduku lake. Kwa muda mfupi hivi ukauona mji wote kwa mara moja: safu ya nyumba za mawe mbele ya maji, ghorofa juu ya ghorofa, minara, na majahazi yaliyofungwa mbele yake. Mama alikuwa hajafika Amu maisha yake. Alisema neno moja tu: "Mbona pamenyamaza?" Hakuna mngurumo wa gari uliokuwa ukimwambia kuwa amefika mjini.

Neno hilo la mama lina uzito katika habari hii, na ili uzito huo ujulikane hatuna budi kuieleza nyumba ya Amu.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mkoko. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti. Mlangoni pana daka, na ndani yake mabaraza mawili ya mawe, hapo ndipo wanaume huzungumza na mgeni asiye wa ndani. Ukipita daka kuna tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha misana, kisha ndani, ambamo ukuta wake umejaa zidaka za kuwekea vyombo vya kaure. Kila hatua unayopiga kutoka mlangoni unaingia zaidi katika hifadhi ya wanawake. Na katika baadhi ya vichochoro utaona chumba kimepita juu ya njia kutoka ukuta huu hadi ule. Hicho huitwa wikio. Kwa njia hiyo nyumba mbili za jamaa moja huunganishwa, na mama akaenda kwa mwanawe bila ya kushuka mtaani.

Wikio lina sababu yake. Katika desturi ya waungwana wa Amu, baba humjengea au humpa binti yake nyumba anapoolewa, aghlabu orofa ya juu ya nyumba yake mwenyewe au nyumba ya jirani, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Mombasa wengi wetu tumezoea kinyume chake. Sisi tulikwenda tukijua desturi hiyo, lakini tulidhani, kwa kuwa zama zimebadilika na watu wanahamia wanakopata kazi, kwamba haitatajwa. Ilitajwa.

Ijumaa baada ya Alasiri wazee wetu waliingia. Mposaji haingii siku ya jibu. Aliketi na binamu yake kwenye baraza ya nyumba inayoelekeana, ng'ambo ya kichochoro ambacho watu wawili hawawezi kukipita wakiwa wamenyoosha mikono. Punda mwenye shehena ya mchanga alipita mara mbili, na mara mbili tukapandisha miguu barazani. Yaliyosemwa ndani tumeyapata kwa ami na kwa mama, ambao hawakuhitilafiana ila katika urefu wa hotuba ya ami.

Babu wa binti alianza kwa kuisoma barua tena kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akaikunja. Akasema, "Posa yenu tumeiridhia, na kijana tumemwuliza na tumeambiwa mema. Lakini mwana wetu ana neno lake, nasi tumeona tulilete kwenu kabla ya jibu, lisije likazuka baadaye." Neno lenyewe lilikuwa hili: binti hatahamishwa Amu maadamu bibi yake yu hai. Yeye ndiye macho ya bibi yake. Baba yake amekwisha kutengeneza orofa ya juu, na mume atakaa huko.

Ami aliuliza swali ambalo mtu mzima yeyote angeliuliza: je, hili ni sharti la ndoa? Babu akajibu kwa namna tuliyotaka kuihifadhi hapa, kwa kuwa watu wengi huchanganya mambo haya. Alisema kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mke akishurutisha asihamishwe mji wake, ndoa husihi lakini sharti lile halimfungi mume kisheria. Mahanbali ndio wanaolishika. "Kwa hivyo," akasema, "silileti kama sharti la kadhi. Nalileta kama ahadi ya mtu. Mkisema ndiyo, nitawaamini. Mkisema la, kahawa ni hii, mtakunywa, na tutabaki Waislamu ndugu."

Ami aliinamisha kichwa. Alijua kazi yetu iko Mombasa, na alijua kwamba mama yetu ni mjane. Alimtuma kijana mdogo aje barazani atuulize.

Mtoto yule alikuwa na umri wa miaka kama tisa. Alisimama mbele yetu akasema kwa pumzi moja, "Babu auliza, utakaa Amu mpaka bibi afe?" Binamu alitaka kucheka akajizuia. Hatukuwa na jibu mara ile. Si kwamba Amu hapana kazi: mji wa wavuvi hauwezi kuishi bila ya barafu, na mitambo ya barafu huharibika, tena huku mafundi ni wachache. Riziki haikututisha. Tulichokiona mbele ya macho ni mama amekaa peke yake jioni, na lile suali la tatu la binti likatujia: mama yenu ana mtu wa kumwangalia? Tukatambua kuwa aliuliza akijua kwamba siku moja atalazimika kutaka hili, na kwamba alitaka kujua kwanza litamgharimu nani.

Tukamwambia mtoto, "Mwulize mama yangu kwanza. Akiridhia, mimi nimeridhia."

Akaingia mbio, na wakati huu akapita msana wa wanaume hadi ndani kabisa walikoketi wanawake. Mama anasema alikuwa ameketi karibu na bibi, na tangu walipofika bibi alikuwa ameushika mkono wake akimwuliza sura ya mwanawe ikoje. Mtoto akauliza. Wanawake wote wakanyamaza. Mama akasema kuwa Mombasa ana wana wengine wawili na wajukuu watatu ambao hawamwachi hata akasikia sauti yake mwenyewe, na Amu ni safari ya siku moja. "Mwana wangu namtoa," akasema. "Lakini na mimi mniwekee chumba." Bibi hakumwacha amalize. Akasema kwa Kiamu chake, "Ndoo ukae nami."

Hata hivyo babu hakutaka kutoa jibu kwa maneno ya wazee peke yao. Alimtuma mama wa binti amwulize mwanawe kwa mara ya mwisho mbele ya mashahidi wawili. Imepokewa kuwa idhini ya bikira ni kunyamaza kwake, na wengi wa mabinti hunyamaza. Huyu hakunyamaza. Alisema, "Mwambieni baba nimeridhika."

Sisi nje hatukuyajua hayo yote. Tulichokisikia ni vigelegele. Vilitoka ndani, vikapanda kiwandani, vikamwagika kichochoroni kutoka juu ya ukuta, na dirisha la nyumba ya tatu likavijibu, ya mtu ambaye hatumjui hadi leo. Binamu alisimama. Sisi tulibaki tumeketi, kwa kuwa magoti hayakutaka. Tukasema alhamdulillahi, tukaisema tena, na tulikuwa bado twaisema ami alipotoka dakani, kofia imekaa upande, akifuta macho na kujifanya ni moshi wa udi.

Mambo ya mahari yalimalizwa kabla ya Magharibi, na hayakuwa na mvutano. Babu alisema mahari ni haki ya mwana, atataja mwenyewe. Akataja shilingi 120,000, 80,000 za kutangulia na 40,000 za kuchelewa, ziandikwe zote katika cheti. Kilemba cha mjomba na mkaja wa mama vilitajwa mbali, shilingi 10,000 kila kimoja, na babu akasisitiza viandikwe katika karatasi nyingine. Tunaliona jambo hili ni la busara kubwa. Tumeona kwengine jamaa wakijumlisha kila kitu wakakiita mahari, na siku ya hesabu mke akakuta kilichomfikia mkononi ni nusu yake. Kilemba na mkaja ni ada ya watu. Mahari ni ya mke, wala baba hana ruhusa ya kuyala ila kwa radhi yake.

Hapo ndipo sanduku la mama lilipofunguliwa. Mlikuwa na jozi mbili za leso, chupa ya mafuta ya asumini, na bangili moja ya dhahabu ambayo baba alimpa mama siku ya harusi yao. Mama alimvika binti kwa mkono wake. Ami alieleza mbele ya wote kuwa hiyo ni zawadi na haihesabiwi katika mahari, ili yasizuke maneno. Kisha zikapita tambuu na mrashi wa maji ya waridi, na wanaume wakaenda kuswali.

Tumekuwa wachumba, na kwa hivyo bado hatujawa mume na mke. Mpaka nikaha isomwe, binti ni ajinabia kwetu kama alivyokuwa, na maneno hupita kwa nduguye au kwa shangazi. Tumepewa ruhusa ya kuzungumza kwa simu yanayohusu nyumba, nduguye akijua, na hadi sasa tumezungumza mara moja: alitaka kujua kama friji ya orofa ya juu iwe ya milango miwili. Tulimjibu kitaalamu, dakika kumi na tano.

Nikaha itasomwa inshallah mwezi wa Shawwal, katika msikiti wa mtaa wao baada ya Isha, na karamu ya wanawake itakuwa kesho yake Alasiri. Wanaotaka kusafiri nasi kutoka Mombasa wampe mama majina yao kabla ya nusu ya Ramadhani, kwa sababu ya matatu na boti, na kila mmoja achukue kitambulisho. Mjomba ameombwa asinunue maembe.